MACD inapishana na bei ila soko haligeuki: tatizo liko wapi?

Malalamiko ni yale yale kila wiki. Mtu kaona bei imeweka kilele kipya, MACD imeweka kilele cha chini, akasema hiyo ni daivajensi ya berishi, akaseli, bei ikaendelea kupanda mpaka ikala stoplosi yake. Mwingine kaona kinyume chake, bei imeshuka chini zaidi lakini MACD imeinuka, daivajensi ya bulishi, akabai, bei ikazidi kuzama. Wote wawili wanaishia kusema MACD haifanyi kazi. Inafanya kazi, ila wanaiuliza swali ambalo haijibu. Kwa hiyo kabla ya kuingia kwenye dalili moja moja tuweke sawa kitu kimoja maana karibu kila tatizo huko chini linatokana nacho.

MACD aliitengeneza Gerald Appel mwishoni mwa miaka ya 1970 na hesabu yake ni hii tu:

```
MACD       = EMA(12) - EMA(26)
Signal     = EMA(9) ya MACD
Histogram  = MACD - Signal
```

Sasa chukua dhahabu, XAUUSD, kwenye chati ya H4, tuseme inapanda dola 4 kila mshumaa bila kuyumba. EMA ya 12 inachelewa nyuma ya bei kwa mishumaa 5.5 hivi, EMA ya 26 inachelewa kwa 12.5, tofauti yao ni mishumaa 7. Kwa hiyo MACD itapanda mpaka ifike 4 mara 7, yaani 28, alafu itatulia hapo hapo. Bei inazidi kupanda, MACD imelala. Haya, mwendo upungue, kutoka dola 4 mpaka dola 2.5 kwa mshumaa. MACD itaanza kushuka taratibu kuelekea 17.5, inachukua mishumaa kama 40 kukaribia pale, na muda wote huo bei iko juu kila siku. Mishumaa 26 baada ya mwendo kupungua MACD iko kama 20, bei imeongezeka dola 65. Yaani bei na MACD zimepishana kabisa na aliyeseli mwanzo wake yuko chini dola 65 kwa wakia.

Hicho ndo MACD inachokwambia: mwendo umepungua. Basi likipanda Kitonga linapunguza spidi sana lakini bado linapanda, hakuna abiria anayeshuka akidhani limeanza kurudi Morogoro. Kupungua kwa mwendo ni dalili ya mapema ya kugeuka, ni kweli, soko haliwezi kugeuka bila kwanza kupunguza mwendo, ila mara nyingi linapunguza alafu linaongeza tena. Na histogramu iko mbali zaidi, yenyewe inapima mabadiliko ya huo mwendo, bei ikipanda kwa mwendo mmoja histogramu inarudi sifuri ingawa trendi ina afya kabisa. Ndo maana daivajensi ya histogramu inatokea mara nyingi sana na nyingi hazina maana.

Tuingie kwenye dalili.

Dalili: kwenye simu naiona daivajensi, kwenye TradingView siioni (au kinyume chake)

Hii inachanganya watu wengi kuliko wanavyojua. MACD ya MT4 na MT5 inayokuja na programu haichori kitu kile kile. Vile vijiti unavyoviona kwenye MetaTrader sio histogramu, ni laini ya MACD yenyewe imechorwa kwa vijiti, na laini nyekundu ya signali imepigwa kwa wastani wa kawaida wa mishumaa 9, sio EMA. Histogramu ya kweli, ile ya MACD kutoa signali, haipo kabisa pale. TradingView inakupa vyote vitatu, laini mbili na vijiti, na vijiti vyake ndo histogramu.

Sasa mtu kajifunza kwenye video ya mtu anayetumia TradingView, kaambiwa "angalia vijiti vimekuwa vifupi", akaenda kuangalia vijiti vya MT4. Anapima kitu kingine kabisa. Kutibu hii ni rahisi, amua unalinganisha nini na ubaki nacho. Ushauri wangu ni laini ya MACD yenyewe, kwa hiyo ukiwa MT4 angalia ncha za vijiti, ukiwa TradingView puuza vijiti angalia ile laini ya haraka. Ukifanya hivyo zitafanana karibu kabisa.

Zikibaki kutofautiana baada ya hapo angalia saa ya kufunga mshumaa. Mshumaa wa siku wa bitikoini unafunga saa sita usiku ya UTC, yaani saa 9 usiku kwa saa zetu za Afrika Mashariki. Broka wako wa foreksi anaweza kuwa anafunga siku kwa saa ya seva yake, masaa mawili matatu tofauti, na kilele cha siku moja kinaweza kuhamia siku nyingine. Hiyo haina tiba, chagua chanzo kimoja cha chati ufanyie uchambuzi hapo hapo siku zote.

Dalili: ilikuwepo, nikaingia, sasa imepotea

Mshumaa ulikuwa haujafunga. Hesabu ya MACD inatumia bei ya kufunga na mshumaa unaotembea hauna bei ya kufunga bado, programu inatumia bei ya sasa hivi kama ndo ya mwisho, kwa hiyo laini inacheza juu chini mpaka mshumaa uishe. Ukiwa H4 na umeona daivajensi saa 3 asubuhi kwenye bitikoini, mshumaa huo unafunga saa 5 asubuhi, una masaa mawili ya MACD kubadilika.

Lakini kuna sababu ya pili ambayo ni kubwa zaidi. Kilele sio kilele mpaka bei itoke pale. Ukiona bei imepita kilele cha zamani na MACD iko chini ya ile ya zamani, hiyo bado sio daivajensi, hiyo ni bei inayopanda na MACD inayopanda nayo lakini haijafika. Kesho inaweza kufika na ikapita. Inatakiwa MACD ianze kuinama, na bei ifanye angalau mishumaa miwili mitatu iliyofunga bila kuweka juu mpya, ndo useme kilele cha pili kipo. Ndiyo, utachelewa. Hiyo sehemu ya kuchelewa ndo gharama ya kujua.

Na jambo jingine hapo hapo, kati ya vilele viwili lazima kuwe na bonde la maana. Alexander Elder, ambaye kaandika sana juu ya MACD, anataka histogramu ivuke sifuri katikati ya vilele viwili, isipovuka kwake hiyo sio daivajensi. Mimi naona ni kanuni nzuri hata kwa anayetumia laini, laini ya MACD ikate signali kwenda chini alafu ikate tena kwenda juu kabla hujahesabu kilele cha pili. Vinundu viwili vilivyobebana juu ya mlima mmoja sio vilele viwili.

Dalili: daivajensi ni ya kweli, vilele ni vya kweli, nimeseli, bei inazidi kupanda

Hapa ndo penyewe. Tuchukue bitikoini mwaka 2021, chati ya siku, kila mtu anaweza kuifungua akafuata.

Tarehe 21 Februari 2021 bei ilifika kama 58,300 na MACD ilikuwa juu sana maana bei ilitoka chini ya 30,000 mwishoni mwa Januari. Ikarudi mpaka kama 43,000 mwisho wa mwezi. Katikati ya Machi ikapanda tena mpaka karibu 61,800, kilele kipya, na MACD ikaweka kilele cha chini ya kile cha Februari. Daivajensi ya berishi, imetimia, bonde la katikati lipo, kila kitu kipo. Bei ikashuka mpaka kama 50,300 tarehe 25 Machi. Aliyeseli alipata. Lakini aliyeng'ang'ania akisema huu ndo mwisho wa soko la kupanda, alikaa akaona bei ikirudi, na tarehe 14 Aprili ikaweka 64,800, juu ya kilele chake. Kama stoplosi ilikuwa juu ya 61,800 imeliwa.

Angalia sasa MACD ya Aprili. Iko chini zaidi ya ile ya Machi. Vilele vitatu vya bei vinapanda, vilele vitatu vya MACD vinashuka. Mtu wa pili anaseli. Safari hii soko lilianza kuanguka, tarehe 25 Aprili liko 47,000, likaruka mpaka kama 59,500 mwanzoni mwa Mei likatisha watu, alafu tarehe 19 Mei likagusa 30,000.

Daivajensi ya Machi na ya Aprili ukiziangalia kwenye MACD peke yake zinafanana. Huwezi kuzitofautisha. Tofauti iko kwenye bei. Machi bei ilishuka ndiyo, lakini bonde la 50,300 lilikuwa juu ya bonde la 43,000 la Februari, muundo wa kupanda haukuvunjika, mabonde bado yanapanda. Aprili kabla ya kilele kulikuwa na bonde la tarehe 7, karibu 55,500. Baada ya kilele cha tarehe 14, ndani ya wiki moja hivi mishumaa ya siku ikaanza kufunga chini ya hilo bonde. Hapo ndo muundo ulivunjika.

Kwa hiyo tiba ya dalili hii ni kutoiacha MACD ikupe amri ya kuingia. MACD inakwambia kaa macho, bonde la mwisho kati ya vilele viwili ndo linakupa amri, na mpaka mshumaa wa taimufremu yako ufunge chini yake hujafanya kitu. Ukiona bonde la mwisho liko mbali sana kama lile la Februari, 43,000 wakati bei iko 61,800, basi tumia bonde dogo la karibu na kilele cha pili ila ujue kabisa unachocheza ni kurudi nyuma kwa muda na sio kugeuka kwa soko, faida yako iko karibu na unaichukua mapema.

Nataka pia uone gharama ya kusubiri maana watu wanaoelezea hii kitu wanaificha. Aliyeingia Aprili baada ya mshumaa kufunga chini ya bonde aliuza karibu na 53,800, stoplosi yake juu ya kilele, 64,900, hiyo ni hatari ya dola 11,100 kwa bitikoini moja. Ile ruka ya Mei mpaka 59,500 ilimtoa faida yote na kumpeleka hasara ya kwenye karatasi zaidi ya nusu ya stopi. Alipofika 30,000 alikuwa na faida ya 23,800, kidogo zaidi ya mara mbili ya alichohatarisha. Ni biashara nzuri lakini sio utajiri, na alikaa nayo karibu mwezi. Saizi ya loti inapangwa kutokana na hiyo stopi ya mbali, kama akaunti haiwezi kubeba stopi ya upana huo basi hiyo biashara sio yako, usiisogeze stopi karibu ili uingize loti kubwa.

Dalili: iligeuka kweli, nikashangilia, alafu ikarudi ikanipita

USDJPY mwaka 2022. Dola ilipanda dhidi ya yeni kutoka 115 mwezi Machi, ikafika 131 mwishoni mwa Aprili, ikapumzika Mei, ikapanda tena mpaka 139.4 tarehe 14 Julai. Chati ya siku, bei ya Julai iko juu sana ya ile ya Aprili, MACD ya Julai iko chini. Daivajensi ya berishi. Na ilifanya kazi, tarehe 2 Agosti bei ilikuwa imeshuka mpaka kama 130.4, pipsi 900, hakuna mtu wa kulalamika.

Baada ya hapo ikapanda mpaka karibu 145 tarehe 7 Septemba, na 151.9 tarehe 21 Oktoba.

Kwa nini? Benki kuu ya Marekani ilikuwa inapandisha riba, iliongeza asilimia 0.75 mwezi Juni, ikarudia Julai, ikarudia Septemba, na Benki ya Japani ilikuwa imeganda kwenye hasi 0.1. Anayekopa yeni na kununua dola analipwa tofauti ya riba na hiyo tofauti ilikuwa inaongezeka kila mkutano. MACD haijui habari za riba. Iliona mwendo umepungua, ikasema kweli, mwendo ulipungua, soko likapumzika, alafu kilichokuwa kinasukuma kikaendelea kusukuma. Ilibidi serikali ya Japani iingie sokoni yenyewe kununua yeni, mara ya kwanza tarehe 22 Septemba, ndo bei ikatikisika, na hata hapo haikugeuka mpaka mwisho wa Oktoba na Novemba.

Cha kufanya ukikutana na hii: kabla hujaamua daivajensi ni ya kugeuka au ya kupumzika jiulize nini kinasukuma trendi na kama kimesimama. Kwenye foreksi karibu kila mara ni riba. Kama benki kuu bado ziko upande ule ule, daivajensi yako ihesabu ni ya mapumziko, chukua faida bei ikifika eneo la kilele cha zamani kilichovunjwa (hapa lilikuwa 131, na bei iligusa hapo hapo ikapita kidogo) na usigeuze msimamo. Na usisubiri trendi irudi ili useme daivajensi ya pili sasa ndo yenyewe, alafu ya tatu ndo yenyewe kabisa, watu wengi walichomwa akaunti kwenye yeni mwaka ule kwa kuongeza loti kila kilele.

Dalili: kila kilele baada ya kile kikubwa kinaonekana daivajensi

Ukiangalia nyuma utakuta kile kikubwa kilisababishwa na mshumaa mmoja au miwili ya habari. Takwimu za ajira za Marekani Ijumaa ya kwanza ya mwezi, mfumuko wa bei, tamko la riba. Dhahabu inaruka dola 50 kwenye mshumaa mmoja wa H1, EMA ya 12 inavutwa juu haraka, ya 26 inabaki nyuma, MACD inaweka mnara. Baada ya hapo soko linapanda taratibu kwa siku mbili linapita ile bei na MACD haiwezi kuufikia mnara ule hata kwa dawa, kwa sababu hakuna tena mshumaa wa dola 50. Unaita daivajensi, kumbe unalinganisha kupanda kwa kawaida na mlipuko.

Namna ya kujua ni moja tu, rudi kwenye kilele cha kwanza na uangalie mshumaa uliokijenga. Kama mshumaa mmoja umebeba sehemu kubwa ya mwendo wote wa wimbi lile, kifute hicho kilele kwenye hesabu zako na usubiri vilele viwili vilivyojengwa na mishumaa ya kawaida. Pengo la Jumatatu asubuhi linaleta shida ile ile, soko likifungua mbali na lilipofunga Ijumaa MACD inahesabu lile pengo kama mwendo.

Dalili: soko limeanguka sana, daivajensi ya bulishi kila mahali, na bado linaanguka

Hii wachache wanaijua na ni tatizo la hesabu, sio la soko. MACD inahesabiwa kwa dola, sio kwa asilimia. Tuseme sarafu inaanguka asilimia 1 kila mshumaa. Ikiwa 60,000 hiyo ni dola 600 kwa mshumaa, MACD iko kwenye hasi 5,100 hivi. Ikifika 20,000, asilimia ile ile 1 ni dola 200 tu, MACD iko hasi 1,700 hivi. Bei imeshuka chini zaidi, MACD imeinuka, daivajensi ya bulishi ya kupendeza macho, na kasi ya kuanguka kwa asilimia haijapungua hata kidogo. Aliyebai pale hajaona wauzaji wakichoka, kaona bei imekuwa ndogo.

Upande wa kupanda tatizo linageuka, kitu kikipanda mara tatu nne MACD yake inakua yenyewe na inaficha daivajensi ya berishi ambayo ingeonekana kwa asilimia. Kwenye EURUSD haina shida maana bei haibadiliki kiasi hicho, hii ni ishu ya kripto na hisa, na hata dhahabu kama unalinganisha vilele vya miaka tofauti.

Dawa ni kugawa kwa EMA ya 26 upate asilimia. Kwenye TradingView fungua Pine Editor weka hii:

```
//@version=5
indicator("MACD kwa asilimia")
e12 = ta.ema(close, 12)
e26 = ta.ema(close, 26)
plot(100 * (e12 - e26) / e26)
hline(0)
```

Kama bei imesogea zaidi ya theluthi moja kati ya vilele au mabonde unayolinganisha, amini hii na uache ile ya kawaida. Daivajensi ikipotea kwenye asilimia, haikuwepo.

Mfano wa bulishi uliopita mtihani huu ni bitikoini ile ile, Mei mpaka Julai 2021. Baada ya anguko la Mei, ukitumia bei za kufunga za siku, kulikuwa na bonde la kama 34,700 tarehe 23 Mei, lingine kama 31,700 tarehe 21 Juni, na la mwisho kama 29,800 tarehe 20 Julai. Bei tatu zinashuka, ila ziko karibu, kwa hiyo ujanja wa dola na asilimia haupo hapa. MACD ya Mei ilikuwa chini sana, ya Juni imeinuka, ya Julai imeinuka zaidi. Wauzaji wanapata bei ya chini zaidi kwa nguvu ndogo zaidi.

Angalia lakini, aliyebai Juni kwa daivajensi ya kwanza alikaa mwezi mzima bila kitu, bei ikazunguka zunguka na ikarudi chini yake. Aliyesubiri mpaka mwisho wa Julai, bei ilipofunga juu ya kilele cha mwanzoni mwa mwezi kilichokuwa karibu 35,000, alibai ghali zaidi na tarehe 7 Septemba bei iligusa kama 52,900. Utagundua pia kwamba ukitumia mikia badala ya bei ya kufunga, bonde la Julai, karibu 29,300, liko juu ya la Juni, 28,800, na daivajensi ya Juni na Julai inapotea. MACD inahesabiwa kwa bei ya kufunga, kwa hiyo mimi nalinganisha na bei ya kufunga, mkia nautumia kupanga stoplosi tu. Washa chati ya laini dakika moja utaona vilele na mabonde yenyewe bila kelele za mikia.

Dalili: daivajensi kumi kwa siku, nusu zinafanya kazi nusu hazifanyi

Uko M5 au M15 na soko limelala. MACD inacheza karibu na sifuri, EMA mbili zimeshikana, kilele kimoja ni 0.3 kingine ni 0.2, tofauti hiyo ni spredi na kelele. Daivajensi inahitaji kuwe na trendi ya kuchoka kwanza, bila trendi hakuna kilichopungua mwendo. Kipimo ninachotumia ni kurudisha chati nyuma mishumaa mia hivi na kuangalia MACD ilifika wapi ilipokuwa mbali zaidi na sifuri, kama kilele cha kwanza cha daivajensi yangu hakijafika hata nusu ya umbali huo siigusi. Alafu napanda taimufremu moja mbili juu. Ukiwa M15 na H4 iko kwenye trendi ya kupanda, MACD yake iko juu ya sifuri na haijaonyesha kupungua, daivajensi zako zote za berishi kwenye M15 ni bei kupumzika kwa saa moja mbili, na mara nyingi pale pale unapotaka kuseli ndo watu wa H4 wanasubiri bei ishuke kidogo wabai.